Cheo cha mtikisiko: wauzaji wa opsheni wanachokiona na wasichokiona

Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa mapema, hadi tarehe iliyoandikwa. Haki hiyo hulipiwa siku ya mkataba, na malipo yake huitwa premiamu. Anayeuza opsheni yuko upande wa kampuni ya bima: anapokea premiamu leo, na bei ikienda kombo kabla ya mkataba kuisha, hasara ni yake. Katika masoko ya Marekani, ambako mikataba hii huuzwa kwa mamilioni kila siku, wako watu wengi wa kawaida ambao kazi yao ni hiyo tu, kuuza opsheni mwezi baada ya mwezi na kuishi kwa premiamu. Swali linalowakabili kila asubuhi ni kama premiamu ya leo ni nono kiasi cha kustahili hatari yake.

Unono huo hupimwa kwa kitu kinachoitwa mtikisiko tarajiwa. Bei ya opsheni hutegemea mambo yanayojulikana, yaani bei ya hisa, bei ya mkataba, siku zilizobaki na riba, pamoja na jambo moja lisilojulikana: hisa itayumba kiasi gani kuanzia sasa hadi mwisho wa mkataba. Kwa kuwa bei ya opsheni inaonekana sokoni, kanuni ya hesabu inaweza kugeuzwa ili itoe kiasi cha kuyumba ambacho soko linakitarajia. Jibu hutolewa kwa asilimia ya mwaka. Ili kulishusha hadi siku moja, wafanyabiashara hugawanya kwa 16, kwa sababu mwaka una siku za biashara zipatazo 252 na kipeuo cha pili cha 252 kinakaribia 16. Mtikisiko tarajiwa wa 16 kwa hiyo una maana kwamba soko linatarajia bei kupanda au kushuka kwa takriban asilimia 1 kwa siku ya kawaida. Kwa fahirisi ya S&P 500, inayokusanya hisa za kampuni kubwa za Marekani, kazi hii hufanywa na kipimo cha VIX, ambacho husoma mtikisiko unaotarajiwa katika siku 30 zijazo.

Tatizo ni kwamba namba hiyo peke yake haisemi kama ni kubwa au ndogo. Mtikisiko wa 30 ni jambo la kutisha kwa kampuni ya umeme, na ni utulivu mkubwa kwa kampuni changa ya dawa inayosubiri majibu ya majaribio. Ndipo kikabuniwa kipimo ambacho kwenye skrini za madalali huandikwa IV Rank, na ambacho hapa kitaitwa cheo cha mtikisiko. Hesabu yake ni nyepesi:

```
IV Rank = 100 × (leo − chini ya mwaka) / (juu ya mwaka − chini ya mwaka)
```

Ikiwa katika miezi 12 iliyopita mtikisiko tarajiwa wa hisa fulani ulishuka hadi 20 na kupanda hadi 60, na leo uko 40, cheo chake ni 50, yaani uko katikati kabisa ya njia kati ya kina na kilele. Wauzaji wengi hujiwekea mstari: cheo kikiwa chini ya 50 hawauzi, au wanauza kidogo. Wengine huuweka mstari wao kwenye 30. Kampuni ya tastytrade ya Chicago ilichangia sana kukieneza kipimo hiki miongoni mwa wafanyabiashara wadogo, na leo karibu kila programu ya opsheni hukionyesha.

Hoja iliyo nyuma ya mstari huo ina mantiki. Mtikisiko hauna tabia ya kupanda bila mwisho kama bei za hisa zinavyoweza kufanya. Hupaa wakati wa hofu, kisha hurudi taratibu kwenye kiwango chake cha kawaida. Anayeuza opsheni wakati wa hofu hupata premiamu kubwa zaidi, anaweza kuweka bei ya mkataba mbali zaidi na bei ya sasa kwa malipo yaleyale, na hofu ikipoa opsheni aliyoiuza hupungua thamani hata kama hisa haijasogea. Hayo yote ni kweli. Lakini cheo kimejengwa kwa namba tatu tu, ile ya leo na zile mbili za mwisho wa juu na wa chini, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoeleza hisa inayumba kiasi gani kwa kweli. Udhaifu wake karibu wote unatokana na upungufu huo.

Mwaka 2017 unafaa kutazamwa kwanza. Ulikuwa mwaka wa utulivu usio wa kawaida katika soko la Marekani. VIX ilikuwa na wastani wa takriban 11, na tarehe 3 Novemba ilifunga kwa 9.14. Muuzaji aliyetii mstari wa 50 alikaa nje kwa sehemu kubwa ya mwaka huo, akiamini kwamba premiamu ni nyembamba mno. Nyembamba ilikuwa, lakini hatari nayo ilikuwa ndogo kuliko premiamu. Katika mwaka mzima S&P 500 ilisogea kwa zaidi ya asilimia 1 kwa siku 8 tu, na mtikisiko wake halisi, ule unaopimwa kutokana na bei zilivyokwenda, ulikuwa karibu na 7. Soko lilikuwa likilipa 11 kwa kitu kilichogharimu 7. Pengo hilo la pointi nne ndilo faida ya muuzaji wa bima, na cheo cha mtikisiko hakina njia ya kuliona, kwa sababu kinaulinganisha mtikisiko tarajiwa na historia yake wenyewe badala ya kuulinganisha na mwendo wa hisa.

Kosa la upande wa pili lilifuata baada ya majuma machache. Ijumaa tarehe 2 Februari 2018 S&P 500 ilishuka kwa asilimia 2.1 na kufunga kwa 2,762, na VIX ikafunga kwa 17.31. Katika miezi 12 iliyotangulia VIX haikuwa imewahi kufunga juu ya 16.04. Kwa hiyo cheo chake jioni ile kilikuwa 100. Kwa mtu anayefuata kipimo hiki peke yake, hakukuwa na siku nzuri zaidi ya kuuza tangu mwaka uliopita.

Inafaa kumfuata muuzaji wa namna hiyo hatua kwa hatua. Tuseme aliuza mkataba unaompa mnunuzi haki ya kuuza fahirisi kwa 2,650, asilimia 4 chini ya bei ya Ijumaa, wenye mwisho tarehe 2 Machi. Bei zinazofuata ni makadirio ya kanuni ya kawaida ya Black na Scholes, si bei zilizorekodiwa sokoni. Kwa mtikisiko wa 19, kwa kuwa mikataba iliyo chini ya bei ya soko huwa ghali kidogo kuliko VIX inavyoonyesha, premiamu ilikuwa pointi 18 hivi. Kila pointi katika mkataba wa S&P 500 ni dola 100, kwa hiyo alipokea kama dola 1,800.

Jumatatu fahirisi ilianguka kwa asilimia 4.1 na kufunga kwa 2,649, karibu kabisa na bei ya mkataba wake. VIX ilifunga kwa 37.32, zaidi ya mara mbili ya Ijumaa. Kwa mtikisiko wa 32, opsheni aliyoiuza kwa pointi 18 sasa ilikuwa na thamani ya pointi 89 hivi. Alhamisi tarehe 8 fahirisi ilifunga kwa 2,581, na opsheni ileile ikafikia kama pointi 124. Dola 1,800 alizopokea zilikuwa zimezaa hasara ya zaidi ya dola 10,000 kwenye karatasi, na dalali alikuwa akidai dhamana zaidi.

Cheo kilisema nini siku hizo? Ijumaa, VIX ikiwa 17, kilisema 100. Jumatatu, VIX ikiwa 37, kilisema 100 tena. Baadhi ya programu huacha kuihesabu siku yenyewe na huweza kutoa namba inayopita 100, lakini nyingi hukomea hapo. Huu ndio udhaifu unaoumiza zaidi baada ya kipindi kirefu cha utulivu. Mwaka uliolala hutoa kilele kifupi, na mtikisiko wa wastani tu unatosha kukigusa. Wastani wa VIX tangu mwaka 1990 unakaribia 19.5. Ile 17.31 iliyopewa cheo cha juu kabisa ilikuwa bado chini ya wastani huo. Muuzaji aliambiwa kwamba bima iko ghali, wakati ilikuwa imerudi tu karibu na bei yake ya miaka mingi, na nafasi ya kupanda juu yake ilikuwa kubwa mno.

Kipimo cha mwendo halisi kingesaidia, ingawa si bila utata. Katika siku tano za juma lile lililoishia tarehe 2 Februari, fahirisi iliyumba kwa kasi ambayo kwa mwaka ni karibu 17.6. VIX ya 17.31 haikuacha faida yoyote juu ya hiyo. Lakini anayepima kwa mwezi mzima angepata karibu 12, na kwake premiamu ingeonekana kuwa na pengo zuri. Mwendo wa siku chache hupokea habari mpya haraka lakini hudanganywa na siku moja mbaya. Mwendo wa mwezi umetulia zaidi lakini huchelewa. Wauzaji makini hutazama vyote viwili, na vikitofautiana sana huchukulia tofauti hiyo kama onyo kwamba hali ya soko inabadilika.

Kisa cha mkataba wa 2,650 kina mwisho ambao haupaswi kufichwa. Tarehe 2 Machi fahirisi ilifunga kwa 2,691, juu ya bei ya mkataba, na opsheni ile ikaisha bila thamani. Aliyeuza mmoja na kuwa na fedha za kutosha kuvumilia majuma manne alibaki na premiamu yake yote. Aliyeuza kumi kwa sababu cheo kilikuwa 100 alilazimishwa na dalali kufunga katikati ya juma lile kwa hasara. Wote wawili walisoma kipimo kimoja siku moja. Tofauti ilikuwa kiasi walichouza, jambo ambalo kipimo hakiligusi kabisa, na kwa bahati mbaya desturi ya kuuza zaidi kadiri cheo kinavyopanda huelekeza mizigo mikubwa kwenye siku zenye hatari kubwa.

Baada ya dhoruba kubwa, kipimo hukosea kwa njia iliyo kinyume. Tarehe 16 Machi 2020, janga la korona likiwa limeanza kuitikisa dunia, VIX ilifunga kwa 82.69, rekodi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa hata katika mgogoro wa fedha wa 2008. Namba hiyo moja iligeuka kuwa kilele cha kila hesabu ya cheo kwa miezi 12 iliyofuata. Tarehe 30 Septemba mwaka huo VIX ilifunga kwa 26.37. Kina cha mwaka kilikuwa 11.54, kwa hiyo cheo kilitoka 21, na mtu wa mstari wa 50 au hata wa 30 aliambiwa akae pembeni. Hata hivyo 26 ni kiwango cha juu kwa karibu kipindi chochote cha historia ya VIX, na ilikuwa juu kuliko zaidi ya nusu ya siku za mwaka ule wenyewe.

Hesabu hiyo ya mwisho ni kipimo kingine, ambacho skrini hukiita IV Percentile. Chenyewe huuliza ni siku ngapi kati ya 252 zilizopita zilikuwa na mtikisiko mdogo kuliko wa leo. Siku moja ya ajabu huhesabiwa kama siku moja tu, haijalishi ilipaa kiasi gani, na ndiyo maana hakikuporomoka mwaka 2020 kama cheo kilivyoporomoka. Wanaovichanganya vipimo hivi viwili ni wengi, kwa sababu vyote huenda kutoka 0 hadi 100 na mara nyingi hukaa jirani kwenye skrini. Vikitofautiana kwa mbali, kwa kawaida kuna siku chache za kupindukia ndani ya dirisha la mwaka, na hapo cheo ndicho cha kutiliwa shaka.

Dirisha lenyewe lina hila yake. Siku ya kilele inapotimiza mwaka na kutoka kwenye hesabu, cheo huruka ghafla ingawa soko halijafanya lolote. Tuseme kina ni 12, kilele cha zamani ni 80 na mtikisiko wa leo ni 22: cheo ni 15. Kesho siku ya 80 inatoka, kilele kinachofuata ni 40, na kwa mtikisiko uleule wa 22 cheo kinakuwa 36. Anayetumia mstari wa 30 ataingia sokoni kwa sababu kalenda imegeuka. Inawezekana pia programu mbili zikatoa majibu tofauti siku moja. Tarehe 5 Agosti 2024 VIX ilifika 65.73 katika saa za biashara lakini ikafunga kwa 38.57. Kwa kina cha 11.86, VIX ya 17 baadaye ina cheo cha 19 kwa programu inayotumia bei za kufunga, na karibu 10 kwa inayotumia kilele cha ndani ya siku hata ikibaki na kina kilekile. Ni busara kujua dalali anatumia ipi kabla ya kuweka mstari wowote.

Kwa hisa za kampuni mojamoja, kuna kosa jingine linalojirudia mara nne kwa mwaka. Kampuni za Marekani hutoa ripoti ya mapato kila robo mwaka, na siku hiyo hisa huweza kuruka kupita kawaida. Mfano wa kubuni utaonyesha kinachotokea ndani ya bei. Hisa fulani kwa kawaida huyumba kwa kasi ya 28 kwa mwaka, sawa na asilimia 1.75 hivi kwa siku. Siku ya ripoti hutarajiwa kuruka asilimia 8. Opsheni ya siku 21 za biashara yenye siku hiyo ndani yake hubeba siku 20 za kawaida na moja ya mruko. Mtikisiko haujumlishwi moja kwa moja, hujumlishwa miraba yake, na mraba wa mruko huo mmoja unazidi kidogo miraba ya siku zote 20 kwa pamoja. Jibu la mwaka ni karibu 39. Ikiwa mwaka huo mtikisiko wa hisa hiyo ulikuwa kati ya 26 na 40, cheo ni 93.

Cheo cha 93 kinaonekana kama mwaliko, lakini hakuna senti ya ziada ndani ya bei hiyo. Soko limeweka bei halali ya mruko ambao kila mtu anajua tarehe yake. Siku ya pili baada ya ripoti mtikisiko utashuka hadi 28, kama nadharia ya kurudi kwenye wastani inavyosema, lakini anguko hilo limekwisha lipiwa: muuzaji alibeba mruko wa asilimia 8 ili alipwe kwa huo huo mruko. Kama kuna faida ya kupata hapo, inatokana na soko kukadiria mruko wa 8 wakati hisa hiyo huruka 5, na jambo hilo hujulikana kwa kutazama miruko ya ripoti zilizopita, si kwa cheo. Njia rahisi ya kuitambua hali hii ni kulinganisha mikataba ya tarehe mbalimbali. Ikiwa ule unaoisha kabla ya ripoti una mtikisiko wa 28 na unaoisha mara tu baada yake una 39, basi tukio moja ndilo lililopandisha bei, na hofu ya soko haikuhusika. Kesi za mahakama, maamuzi ya mamlaka ya dawa na uvumi wa kununuliwa kwa kampuni huacha alama ileile.

Kazi inayobaki kwa cheo cha mtikisiko ni ya mchujo wa kwanza. Mtu mwenye orodha ya hisa 200 hawezi kuzichunguza zote kila asubuhi, na kipimo kinachomwonyesha zile 15 zilizo mbali na hali yake ya kawaida kinamwokolea saa nyingi. Baada ya hapo kila moja huhitaji maswali ambayo cheo hakiwezi kuyajibu: asilimia ya siku inasema nini, mtikisiko tarajiwa uko juu ya mwendo halisi kwa kiasi gani, kuna tarehe gani mbele inayoeleza bei hiyo, na namba yenyewe iko wapi ukilinganisha na miaka kumi badala ya mmoja. Kiasi cha kuuza kinapaswa kukadiriwa kwa kuuliza akaunti itabaki na nini mtikisiko ukizidi mara mbili kwa siku moja, kama ulivyozidi tarehe 5 Februari 2018, na kwa hesabu hiyo cheo kikiwa 40 au 100 jibu halibadiliki.